Paka wangu anampaka nini mama mkwe?

*Shikamoo mzee. Niko Gungu, Kigoma, nauza dagaa. Tuna paka dume wa mwaka mmoja na nusu, tunamwita Mgebuka. Tulimchukua kwa sababu ya panya wanaotoboa magunia. Tangu mdogo anasugua uso kwenye kila kitu: miguu yangu, pembe za milango, magunia, hata jiko la mkaa likishapoa. Sikuwa na neno naye.*

*Mwezi uliopita fundi alituletea kochi jipya, la zamani tukampa jirani. Kwa kuwa mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Kasulu, nilidekia nyumba nzima kwa dawa kali na kufuta milango mpaka yale madoa ya kahawia ya chini yakatoka. Siku nne baadaye tukakuta mkojo ubavuni mwa kochi, na anarudia mpaka leo. Wakati huohuo anamganda mama mkwe, anajisugua kwenye miguu yake na begi lake kutwa. Mama anasema paka katumwa, kuna kitu anampaka, na anataka tukamwache Kibirizi kwa wavuvi. Mume wangu kanyamaza. Usiku kuna paka shume anakuja mlango wa jikoni kufuata vichwa vya samaki, sijui naye anahusika. Naomba unieleze, anapaka nini, na huu mkojo umetoka wapi?*

*Mama Wawili, Gungu*

Marahaba, mwanangu.

Mama mkwe wako amekosea jambo moja na kupatia jingine. Mgebuka hakutumwa na mtu. Ila kuna kitu anampaka kweli, na mama ameona vizuri kuliko watu wengi wanaodhani paka anayejisugua anaomba chakula tu.

Siku Mgebuka akikulalia mapajani, mshike taratibu umkague uso. Chini ya kidevu, kwenye pembe za mdomo, mashavuni, na pale kati ya jicho na sikio ambapo manyoya ni machache, ngozi yake ina tezi ndogo zinazotoa mafuta. Zipo nyingine kwenye shina la mkia na katikati ya vidole vya miguu. Mafuta hayo pua yako haiyanusi hata uinamie, lakini kwake yeye ni taarifa. Akipitisha shavu kwenye pembe ya mlango anaacha utando mwembamba, kesho anarudi kuongeza, keshokutwa tena. Vumbi na uchafu wa manyoya vikinasa hapo, unapata doa la kahawia lenye kunata, kwenye kimo cha uso wa paka, siku zote mahali palepale. Hayo ndiyo madoa uliyoyafuta.

Na asivyokosa umakini! Mtazame anavyokaribia pembe ile. Ananusa kwanza, ndipo anapaka. Pengine utamwona amesimama mdomo wazi kidogo, mdomo wa juu ameukunja kama mtu aliyeuma ndimu. Hajachukizwa. Nyuma ya meno yake ya mbele ya juu kuna vitundu viwili vidogo vinavyopeleka harufu kwenye kiungo maalumu cha kunusia, mbali na pua ya kawaida. Hapo anasoma harufu iliyoachwa na paka, yake mwenyewe au ya mwingine.

Mfaransa mmoja, daktari wa mifugo aitwaye Patrick Pageat, aliyachambua mafuta ya usoni mwa paka katika miaka ya 1990 na kuyagawa katika makundi matano. Mawili yanatuhusu leo. Kundi la tatu paka huliacha kwenye vitu: miguu ya meza, milango, magunia yako. Kundi la nne huwaachia viumbe anaowazoea, yaani paka wenzake wa nyumba moja na watu. Kwa hiyo anachopaka kwenye kochi na anachopaka kwenye mguu wa mama mkwe si kitu kimoja, japo shavu ni lilelile.

Tuanze na vitu. Wengi husema paka anapaka ili kumiliki, kama mtu anayepigilia vigingi kwenye kiwanja chake. Mimi sipendi mfano huo, maana unampa paka ugomvi asiokuwa nao. Umepata kuingia nyumba ya zamani ya Ujiji ambayo jioni huchomwa udi? Mtoto wa nyumba hiyo akirudi kutoka safari, hata umeme ukiwa umekatika, pua inamwambia amefika kwao. Alama ya shavu inafanya kazi ya namna hiyo. Paka huiweka pale anapojisikia ametulia, na akiikuta tena anatulia zaidi. Ndiyo maana huwezi kumwona paka aliyeogopa akipaka mashavu. Aliyeogopa anajificha chini ya kitanda.

Kwa watu mambo yanabadilika kidogo. Paka wanaoishi kundi moja husuguana vichwa na mbavu wanapokutana, mikia imesimama wima, na harufu zao huchanganyika mpaka zinakuwa harufu moja ya ukoo. Mara nyingi mdogo ndiye anayemwendea mkubwa: mtoto kwa mama yake, jike kwa dume. Mgebuka akikujia mkia juu, akakugonga muundi kwa paji la uso na kupitisha ubavu wote mpaka mkia, amekusalimia kama anavyosalimiwa paka mkubwa wa nyumba. Anasugua mguu kwa sababu uso wako uko mbali. Inama uone atakavyonyanyuka kwa miguu ya nyuma kuutafuta. Halafu akishamaliza huenda kando na kujilamba. Hapo ameondoka na harufu yako pia, si kwamba ametoa tu.

Harufu hiyo ya ukoo ina uzito kuliko sura. Nilipokuwa nafanya kazi ya mifugo Tabora nilifuga paka wawili ndugu, waliolala kikapu kimoja tangu kuzaliwa. Mmoja akapata jipu, nikampeleka kutibiwa, akarudi jioni ananuka spiriti na mikono ya watu. Ndugu yake alimfokea na kumrukia kana kwamba hajapata kumwona. Nililazimika kuwatenga usiku mzima, nikawabadilishia matandiko, huyu analalia la yule na yule la huyu, mpaka asubuhi ya pili. Macho yalikuwa yanamwona ndugu yake vizuri kabisa. Pua ndiyo iliyokataa.

Basi sasa mwangalie mama mkwe kwa pua ya Mgebuka. Ni mtu mpya mwenye harufu ya Kasulu, na begi lake lililokaa sakafuni limebeba nyumba nzima isiyojulikana: moshi wa jiko lingine, sabuni nyingine, pengine na harufu ya mifugo. Kila akikatiza sebuleni anaileta harufu hiyo, na Mgebuka anaifanyia kazi, anamchanganya na ninyi wengine. Tena bila shaka mama, kwa kuwa hamtaki, hamwinamii wala kumkamata. Paka wengi huwapenda watu wa aina hiyo kuliko wale wanaowakimbilia kuwabeba. Kwa lugha ya nyumbani kwenu, Mgebuka anamwingiza mama kwenye ukoo. Utamwambia hivyo kwa heshima na kwa wakati mzuri. Mimi nisikufundishe namna ya kuzungumza na mkweo.

Turudi kwenye kochi, maana hapo ndipo penye kazi.

Kwa siku chache ulifanya mambo matatu kwa pamoja bila kujua kwamba ni mambo. Uliondoa kochi la zamani lililokuwa limejaa alama zake. Ukaingiza jipya linalonuka gundi, vanishi na karakana. Kisha ukafuta kila alama iliyobaki milangoni. Mgebuka aliamka ndani ya nyumba ileile yenye kuta zilezile, lakini udi umezimwa. Na katika siku hizohizo paka shume anakuja mlangoni kwako. Yule siyo tu kwamba anafuata vichwa vya samaki. Nina hakika naye anaacha harufu yake pale nje, na Mgebuka anaisoma kupitia upenyo wa mlango.

Dume asiyehasiwa akiwa katika hali hiyo haongezi mashavu. Anatumia alama nyingine kali zaidi, mkojo. Kwa hiyo mashavu na mkojo zote ni alama, lakini zinatoka katika hali mbili tofauti: moja hutoka kwa paka aliyetulia, nyingine kwa paka mwenye wasiwasi, au mwenye mpinzani, au anayetafuta jike. Mara nyingi zinapishana. Mahali penye alama nyingi za shavu, paka hapendi kupakojolea.

Kabla hujafanya lolote, hakikisha ni alama kweli. Paka anayeweka alama husimama. Anakigeuzia kitu mgongo, mkia unanyanyuka na kutetemeka nchani, miguu ya nyuma inakanyagakanyaga, na mkojo unarushwa nyuma kwenye kitu kilichosimama wima. Doa linakuwa dogo, liko juu kidogo ya sakafu, na linachuruzika kwenda chini. Wewe umesema ubavuni mwa kochi, kwa hiyo ninaelekea huko. Kama ungekuta dimbwi juu ya mto wa kukalia, ningesema alichuchumaa kukojoa kawaida, na sababu ingekuwa nyingine. Lakini ukimkuta amechuchumaa anajikamua, yanatoka matone tu au hakitoki kitu, analia au anajilamba sehemu za siri bila kuacha, usisubiri jibu la safu hii wala la mtu yeyote. Dume huziba njia ya mkojo, na akiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Tukishajua ni alama, anza na usafi, lakini usafi wa mahali pamoja tu. Osha pale penye mkojo kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, suuza vizuri, acha pakauke, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti ile ya dukani. Jaribu kwanza nyuma ya kochi, pasipoonekana, usije ukaharibu rangi ya kitambaa. Jiki usiiguse: ikikutana na mkojo inatoa hewa inayowasha macho na kifua, na harufu yake kali ndiyo iliyokuletea nusu ya matatizo haya. Dawa yoyote yenye amonia pia iache, kwa sababu mkojo wenyewe ukikaa hunuka amonia, na paka atadhani kuna mwingine amepita.

Milango na miguu ya meza usiiguse kabisa kwa sasa. Najua madoa ya kahawia yanakera, hasa mkwe akiwepo. Yakirudi na ukashindwa kuvumilia, futa pembe moja, acha nyingine zote, na wiki nyingine ufute nyingine. Asikute tena nyumba nzima imenyamaza.

Kisha utampelekea kochi harufu yake. Chukua soksi safi ya pamba, iliyofuliwa na kusuuzwa sana. Mgebuka akiwa ametulia, kwa mfano baada ya kula, ivae mkononi umpapase mashavu, pembe za mdomo na kidevu, dakika moja au mbili, kwa raha zake. Akiondoka mwache, usimfuate. Soksi hiyo isugue kwenye pembe za kochi, kimo cha uso wake, yaani kama shibiri moja kutoka sakafuni. Anza na pembe anazopita mara nyingi. Fanya hivyo kila siku kwa wiki mbili, na usijipake manukato mkononi kabla. Kuna dawa ya kupulizia inayouzwa nchi za nje iliyotengenezwa kuiga lile kundi la tatu la Pageat. Kwa paka wengine inasaidia, kwa wengine haisaidii, na kwa hali yako sioni sababu ya kuihangaikia wakati kiwanda unacho mwenyewe nyumbani, kinalala juu ya magunia.

Utajuaje kama inafanya kazi? Mtazame anavyolipitia kochi. Siku za kwanza atalinusa na kulizunguka kwa mbali. Baadaye atanusa na kusimama karibu. Siku utakayomwona amepitisha shavu lake mwenyewe kwenye pembe yake, kochi limeshaingia ndani ya nyumba. Ukiona anageuza mgongo na mkia unaanza kutetemeka, usimpige wala kumpigia kelele. Mwite tu kwa sauti ya kawaida, tikisa sahani ya chakula. Ukimpiga unamwongezea wasiwasi, na wasiwasi huo utaukuta ukutani.

Yule shume mfungie hoteli. Vichwa vya samaki visilale nje, viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko au vitupwe mbali kabla ya giza. Mwaga maji ya sabuni na uoshe mlango wa jikoni upande wa nje, kimo kilekile cha shibiri moja mpaka mbili, na upenyo wa chini uzibe kwa kitambaa au ubao. Mgebuka alale ndani. Bila hili soksi itakuwa kazi bure, maana wewe unapaka sebuleni na mwenzako anapaka mlangoni.

La mwisho ni kumhasi. Kwa umri wake ameshapevuka, na madume tisa kati ya kumi hivi hupunguza sana au huacha kurusha mkojo wakihasiwa, baadhi mara moja, wengine baada ya wiki kadhaa. Panya atakamata kama kawaida. Watu wengi huogopa hilo bila sababu. Muulize ofisa mifugo wa kata yenu ni daktari gani anayefanya kazi hiyo Kigoma mjini, na ukiwa huko mchanjie kichaa cha mbwa, kwa sababu dume anayepigana na shume usiku anang'atwa mara kwa mara.

Niseme pia lini kusugua kichwa si alama, kwa ajili ya wasomaji wengine wenye paka. Alama ni mwendo: paka anateleza, anapita, anageuka na kurudi. Ukimkuta paka amesimama ameegemeza paji la uso ukutani, anasukuma, haendi wala harudi, macho kama hayapo, huyo ana tatizo la ubongo au la ini na anahitaji daktari siku hiyohiyo. Na anayesugua upande mmoja tu wa kichwa, anajikuna sikio na kutikisa kichwa, mfungue sikio umtazame. Uchafu mweusi mkavu kama machicha ya kahawa ni utitiri wa masikio, una dawa.

Kibirizi usimpeleke. Utamwondolea magunia, milango na miguu yote anayoijua, utamweka katikati ya madume wa mwaloni ambao tayari wameshapaka kila mtumbwi, naye kwa wiki nyingi atakuwa wa kurusha mkojo tu au wa kujificha. Na panya wako watabaki Gungu.

Begi la mama liweke juu ya kabati. Uchawi haumo, ila nywele za paka zimo, na nguo za kanisani au za msikitini hazipendezi nazo.